Bidhaa mpya kwa wateja wa zamani: umwandikie mmoja mmoja, broadcast, Status, grupu au SMS?

Mtu akipokea meseji ya biashara, anaamua kuifungua au kuipita kabla hajaisoma yote. Anachokiona kwanza ni yale maneno machache yanayojitokeza juu ya kioo cha simu. Yakiwa ni "HABARI MPENDWA MTEJA WETU, TUNAYO FURAHA KUBWA...", nafasi yote imekwisha na hajajua nani anamwandikia wala kwa nini. Yakiwa ni "Mama Salma, zile sare za Juma bado zinamtosha?", atafungua. Muuzaji ni yuleyule na bidhaa ni ileile, ila meseji ya pili inaonyesha wazi kuwa imeandikwa kwa ajili yake.

Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye majina mia moja au mia mbili kwenye simu, njia za kutangaza kitu kipya ni tano: kumwandikia kila mtu peke yake, orodha ya broadcast ya WhatsApp, Status, grupu, na SMS. Nitazilinganisha kwa mfano mmoja, kwa sababu ukizilinganisha bila mfano kila moja huonekana nzuri.

Tuchukue fundi cherehani wa kike pale Ngamiani, Tanga. Miaka yote ameshona madera, magauni na sare za shule. Sasa anataka kuanza kanzu za watoto wa kiume, za umri wa miaka mitatu mpaka kumi na miwili, zivaliwe Idi. Simu yake ina majina kama 180 ya watu waliowahi kupita kwake. Ana pia daftari la vipimo, lenye jina la mteja, namba ya simu, alichoshonewa na tarehe. Hilo daftari mtalisikia tena hapa, maana ndilo linaloamua zaidi ya simu yenyewe.

Kanzu ya mtoto isiyo na darizi nyingi, vitambaa vikiwa vimekatwa pamoja, tuseme anaweza kushona nne kwa siku bila kuangusha kazi zake nyingine. Bei yake ni 22,000. Namba hizi mbili ziwe karibu, tutazihitaji.

Mmoja mmoja

Njia hii ndiyo inayochosha, na ndiyo ninayoiweka mbele ya nyingine zote kwa watu wanaostahili. Nasema wanaostahili kwa sababu si wote 180. Fundi wetu akikaa na daftari lake jioni moja ataona kuwa kuna wazazi, tuseme 35, aliowashonea sare watoto wa kiume ambao leo wana umri ule ule wa kanzu zake. Kwa hao ana jambo mahususi la kusema kwa kila mmoja. Kwa wengine hana, na akijilazimisha itasikika kuwa amejilazimisha.

Hebu tazama meseji ya kwanza, ile ambayo wengi huandika:

"Habari za wakati huu ndugu mteja. Tunapenda kukutaarifu kuwa sasa tunashona KANZU za watoto kwa bei nafuu na ubora wa hali ya juu. Wahi sasa! Bei maelewano. Karibuni sana."

Na hii hapa, kwa mteja mmoja aliyemo daftarini:

"Asalaam alaykum mama Salma. Ni mimi fundi wako wa Ngamiani. Nimeanza kushona kanzu za watoto, nikamkumbuka Juma, maana mwaka jana nilimshonea sare za darasa la kwanza. Kanzu yake itakuwa 22,000 na kitambaa juu yangu. Vile vipimo vya zamani sidhani kama vinamfaa tena. Unaweza kunipimia urefu wake kutoka begani mpaka kifundo cha mguu?"

Jina peke yake halikuifanya ya pili isikike kama imeandikwa na mtu. Ungeweza kuweka "mama Salma" mwanzoni mwa ile ya kwanza ikabaki tangazo vilevile, na pengine ikaudhi zaidi, kwa sababu jina limetumika kama chambo. Kilichofanya kazi ni sababu. Anaambiwa kwa nini yeye ndiye anayeandikiwa, na sababu hiyo ni ya kweli, kwani sare za Juma zimo daftarini. Kisha bei imetajwa. Muuzaji anayeandika "bei maelewano" au "njoo inbox" kwa mtu ambaye tayari yuko naye inbox anajiumbua kuwa maneno hayo ameyatoa kwenye bango. Na mwisho kuna swali ambalo mama anaweza kulijibu akiwa nyumbani na futi ya kupimia. Swali la kipimo ni jepesi kuliko "utahitaji?", kwa sababu halimlazimishi aseme ndiyo au hapana wakati huohuo. Akituma kipimo, mazungumzo yameanza. Kwa mtoto anayekua, fundi anakihitaji kipimo kipya kweli, kwa hiyo swali si ujanja.

Salamu nayo ibadilike kwa mtu. Mama wa makamo apewe shikamoo yake. Rika lake amwandikie "dada, mambo?" kama wanavyosalimiana wakikutana sokoni. Baba mwenye mtoto aandikiwe kwa heshima ya kaka au baba fulani. Nimeona wafanyabiashara wakichukua salamu moja ya katikati, "habari za wakati huu", ili iwafae wote. Salamu inayowafaa wote ndiyo inayomwambia kila mmoja kwamba wako wengi.

Gharama ya njia hii ni muda. Kufungua daftari, kukumbuka, kuandika na kusoma tena ni dakika tatu hivi kwa mtu. Watu 35 ni chini kidogo ya saa mbili. Akiandika tisa au kumi kwa siku, siku nne zinatosha, na hapo ndipo ile namba ya kanzu nne kwa siku inapoingia. Tuseme nusu ya wale 35 wakaagiza kanzu mojamoja. Hizo ni kanzu 17 au 18, kazi ya siku nne mpaka tano. Maagizo yanaingia kwa mwendo unaolingana na mwendo wa cherehani. Watu wengi huona uandishi wa mmoja mmoja kuwa kasoro yake ni kuchelewa, lakini kwa fundi kuchelewa huko kunamlinda.

Broadcast

Orodha ya broadcast kwenye WhatsApp hutengenezwa kwa kubonyeza nukta tatu na kuchagua "New broadcast", kisha kuchagua majina. Orodha moja hubeba watu hadi 256. Ujumbe unamfikia kila mtu kwenye mazungumzo yenu ya wawili, na akijibu jibu linakuja kwako peke yako. Wapokeaji hawaonani na hakuna anayejua namba ya mwenzake. Kwa faragha, njia hii iko mbali mbele ya grupu.

Ina sharti moja ambalo wengi hawalijui: ujumbe wa broadcast unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Fundi anaweza kuwa nazo namba zote 180, lakini kama ni 90 tu waliomhifadhi yeye, waliosalia hawatapata kitu, na simu haitamwambia kwa sauti. Kuna njia ya kujua. Ukishatuma, bonyeza ujumbe wako kwa muda, fungua "Info", utaona nani umemfikia na nani kausoma. Wale ambao siku ya pili bado ujumbe haujawafikia, ingawa unajua wako hewani, wengi wao hawajakuhifadhi. Usiwatumie tena kwa njia hiyohiyo. Waandikie mmoja mmoja na ujitambulishe mwanzoni kabisa, kwa sababu mtu asiyekuhifadhi anaona namba tupu, na jibu lake la kwanza litakuwa "nani mwenzangu?"

Ugumu wa pili wa broadcast ni wa maneno. Kwa kuwa ujumbe ni mmoja, huwezi kumtaja Juma. Wengi hulijaza hilo pengo kwa shangwe, alama za mshangao na vimoto vya emoji. Badala yake, igawe orodha. Fundi wetu asitengeneze orodha moja ya watu 145 waliobaki. Atengeneze mbili au tatu zinazoshirikiana jambo la kweli: walioshonewa madera mwaka huu, walioleta sare za watoto wa kike, waliowahi kuulizia kanzu akawaambia hashoni. Orodha hii ya tatu ni dhahabu hata ikiwa na watu sita. Kwao sentensi moja inatosha: "Mliniulizia kanzu za watoto nikasema sishoni. Sasa nashona, 22,000 pamoja na kitambaa." Hata hivyo hapo andika "uliniulizia", si "mliniulizia". Kila mmoja anausoma ujumbe akiwa peke yake, na ile "m" moja inamwonyesha umati ulio nyuma yake. Kwenye broadcast, andika kwa umoja kuanzia salamu hadi mwisho: wewe, kwako, mtoto wako. Ni badiliko dogo kuliko yote niliyoyataja, na ndilo ninalolipigania zaidi.

Mwenye WhatsApp Business anaweza kuwapanga watu hawa kwa "Labels", akaweka lebo ya sare, ya dera, ya walioulizia, kila mteja anapopita. Asiye nayo atatumia daftari. Kinachotakiwa ni kuwa mgawanyo ufuate ulichokifanya na mtu, maana kugawa kwa herufi za majina hakukusaidii kuandika chochote.

Halafu kuna neno "Forwarded". Fundi anampa kijana wa picha amtengenezee bango zuri, kijana anamtumia kwa WhatsApp, na fundi analisambaza moja kwa moja kutoka kwenye mazungumzo yale kwenda kwa wateja. Bango linafika likiwa na neno "Forwarded" juu yake, kwa sababu chanzo chake ni mtu mwingine. Tena tangu 2019 WhatsApp hairuhusu kusambaza kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na kitu kilichopita mikono mingi kinapewa mishale miwili. Mteja akiona alama hizo anaipita kama anavyopita dua za kusambaza na habari za nafasi za kazi. Ukilihitaji bango, lihifadhi kwenye simu kwanza, kisha litume upya kutoka kwenye picha zako. Mimi ningeliacha kabisa. Kanzu moja iliyokamilika, imetundikwa kwenye mlango wa banda, imepigwa picha asubuhi mwanga ukiwa laini, na nyuma inaonekana ile cherehani ambayo mteja aliwahi kuiona, inasadikika kuliko bango la rangi tano. Mteja anaitambua sehemu.

Status

Status haimgongi mtu mlangoni. Anayetaka anaangalia, asiyetaka anapita, na baada ya saa 24 imetoweka. Kwa sababu hiyo, ndiyo njia pekee kati ya hizi tano ambayo unaweza kuitumia mara nyingi bila kumchosha mtu. Lakini inaonekana na yule tu ambaye umemhifadhi naye amekuhifadhi, kwa hiyo tatizo la broadcast linarudi palepale.

Ubora wa Status ni kwamba inaweza kuonyesha kazi ikiendelea kabla hujamwomba mtu chochote. Jumatatu kitambaa mezani, Jumatano shingo ya kanzu ikiwekwa darizi, Ijumaa mtoto kaivaa, kwa ruhusa ya mzazi wake. Mama Salma akipokea meseji wiki inayofuata, jambo si geni kwake. Pia unaona waliotazama, alimradi hujazima alama za kusomwa. Mteja aliyetazama picha zote tatu ni wa kuandikiwa mmoja mmoja hata kama hakuwa kwenye wale 35. Ila usimwambie "nimeona umetazama status yangu". Hakuna anayependa kuambiwa hivyo. Mwandikie kwa sababu nyingine uliyonayo.

Udhaifu wake ni kuwa Status ikisimama peke yake haileti maagizo mengi. Inaleta "hongera", "mashallah" na vidole gumba. Ni njia ya kuandaa.

Grupu

Hapa sitakaa sana. Kumtia mtu kwenye grupu jipya la wateja bila kumuuliza ni kuitoa namba yake kwa watu asiowajua. Kisha mmoja anauliza "mbona mwenzangu ulimpunguzia?", mwingine anatuma tangazo la viazi, na katika siku mbili wamebaki nusu. Grupu lina maana pale watu wenyewe wanapotaka kuzungumza wao kwa wao, mfano wazazi wa madrasa moja wanaoagiza kanzu za rangi moja. Hapo grupu huwa tayari lipo, na mwenye kulisema jambo awe mzazi mmojawapo au ustadhi, baada ya fundi kuzungumza naye pembeni.

SMS

Kuna SMS mbili, na tofauti yake ni kubwa. Moja ni ile ya jumla inayotumwa kupitia kampuni, yenye jina la biashara mahali pa namba. Jina hilo lina herufi zisizozidi 11, na mpokeaji hawezi kulijibu. Hebu fikiri: umemuuliza swali mteja uliyemshonea kwa miaka sita, halafu ukamfungia mlango wa kujibu. Benki na kampuni za simu zinaitumia kwa taarifa, na ndiyo maana kila anayeipokea anaiweka kwenye fungu hilohilo. Kwa fundi wa watu 180 haimfai hata ikiwa ya bei rahisi.

Nyingine ni SMS ya kawaida kutoka kwenye laini yake. Hii bado ina nafasi kwa bibi asiye na simu janja, kwa mteja wa Pangani au Muheza ambaye bando lake huisha, na kwa yule ambaye hakukuhifadhi. Ujumbe mmoja ni herufi 160 pamoja na nafasi, alama na tarakimu. Ukitia emoji moja tu, hesabu inashuka hadi herufi 70 kwa ujumbe, na meseji uliyodhani ni moja inakatwa kama mbili au tatu. Kwa hiyo hapa andika maneno matupu:

"Shikamoo bibi, ni fundi wa Ngamiani niliyemshonea Asha sare. Nimeanza kanzu za watoto, ya mjukuu ni 22,000. Nikuwekee nafasi kabla ya Ramadhani?"

Imeingia ndani ya 160. Amejitambulisha kwa kazi aliyoifanya, maana bibi anaweza asikumbuke jina lakini sare ya Asha anaikumbuka.

Zikiwekwa pamoja

| Njia | Mteja anaionaje | Akijibu | Itumie kwa |
|---|---|---|---|
| Mmoja mmoja | Kaandikiwa yeye | Mazungumzo yanaanza | Wale wenye sababu ndani ya daftari |
| Broadcast | Ya kawaida, ikiandikwa kwa umoja | Jibu linakuja kwako peke yako | Vikundi vidogo vya waliokuhifadhi |
| Status | Habari aliyoikuta | Mara nyingi pongezi | Kuandaa, wiki moja kabla |
| Grupu | Kaingizwa mkutanoni | Wote wanaona | Grupu ambalo tayari lipo, kupitia mwenyeji |
| SMS ya laini yako | Meseji ya mtu | Anajibu au anapiga | Wasio na WhatsApp au wasiokuhifadhi |
| SMS ya jumla | Taarifa ya kampuni | Haiwezekani | Ningeiacha |

Mpango wenyewe kwa fundi wetu ningeupanga hivi. Aanze katika Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Wiki ya kwanza ni Status tu. Wiki ya pili awaandikie wale 35, tisa au kumi kwa siku, akianza na wanaomfahamu zaidi, kwa sababu maswali yao yatamfunza alichosahau kusema. Kama watatu wa mwanzo wote wameuliza "na kofia je?", basi wa nne aelezwe habari ya kofia bila kuuliza. Wiki ya tatu zifuate orodha ndogo za broadcast, mojamoja, siku tofauti. SMS za wasio na WhatsApp zichanganywe humohumo.

Fikiria angefanya kinyume, akatuma tangazo moja kwa wote 180 jioni ya Ijumaa. Tuseme hamsini wameuliza bei au saizi usiku ule. Atawajibu wangapi? Atakaowafikia Jumapili watakuwa wamekwisha kununua ya dukani, na atakaowajibu haraka atawajibu kwa kunakili jibu lilelile. Mtu aliyeandika "mwanangu ni mnene kidogo, itamtosha?" akajibiwa "Kanzu zetu ni 22,000, karibu sana", amejua hapohapo kuwa meseji yake haikusomwa. Tangazo linaweza kuanza vizuri likageuka kuwa la jumla kwenye jibu la pili. Ndiyo maana kabla ya kuchagua njia, jiulize unaweza kujibu watu wangapi kwa siku ukiwa na cherehani mkononi, kisha tuma kwa idadi inayolingana.

Saa nayo ina uzito wake. Kama kazi itasukumwa mpaka ndani ya Ramadhani, saa kumi na saa kumi na moja jioni wateja wengi wa kike wako jikoni na futari. Meseji ya wakati huo itasomwa kwa jicho moja na kusahaulika. Saa nne asubuhi ni nzuri, na baada ya tarawehe pia, kwa mtu unayejua halali mapema. Siku ya Ijumaa mchana iache.

Utajuaje kama umesikika kama tangazo? Angalia aina ya majibu, usihesabu wingi wake peke yake. "Hongera sana fundi" bila swali ina maana kuwa mtu ameichukua kama habari ya kwako. "Sawa" ina maana anataka uishie hapo. "Nani mwenzangu?" inasema hukujitambulisha. Majibu unayoyataka yana kitu cha nyumbani kwake ndani: umri wa mtoto, rangi, "baba yake akipata mshahara", "nina wawili, utanipunguzia?" Hata anayesema "mwaka huu tumeshanunua" amekujibu kama mtu, na jina lake liandikwe daftarini kwa mwakani. Alama mbaya kuliko zote ni kufungiwa. Wapokeaji wengi wakikufungia au kukuripoti, WhatsApp inaweza kuifunga namba yako, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaotumia programu za kutuma kwa wingi au WhatsApp zisizo rasmi. Namba ya fundi ikifungwa wiki mbili kabla ya Idi, amepoteza na wateja wa madera.

Kuna upande wa sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinasimama kwenye wazo kwamba taarifa uliyopewa kwa kazi moja usiigeuze kwa kazi nyingine mtu asiyoitarajia. Mteja aliyekupa namba umwambie sare ikiwa tayari hajakuruhusu kuigawa kwa mwenye duka la viatu. Kumwandikia kuhusu kazi yako mwenyewe ya ushonaji kuko karibu na kile alichokutarajia, lakini mwachie njia ya kukataa. Mwishoni mwa broadcast sentensi kama "kama hupendi nikuandikie habari za nguo mpya, niambie tu, haina neno" inatosha. Anayesema basi, mtoe kwenye orodha siku hiyohiyo. Usimuulize sababu. Kwenye meseji ya mmoja mmoja sentensi hiyo haihitajiki na hata inaleta ubaridi, kwani anaweza kukuambia mwenyewe.

Linabaki suala la wasiojibu. Wengi hawatajibu, na hiyo haina maana kuwa wamekasirika. Mama amesoma akiwa kwenye daladala, akasema atajibu akifika, akasahau. Unaweza kumkumbusha mara moja, endapo una habari mpya ya kweli. Kwa fundi habari hiyo ipo, kwa sababu mafundi wengi huacha kupokea kazi za Idi kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani. Hivyo siku tatu kabla ya kuacha kupokea kazi anaandika: "Mama Salma, Jumatano ndiyo mwisho wa kupokea kanzu. Nimemwachia Juma nafasi mpaka siku hiyo." Awe kweli amemwachia, na Jumatano ikipita aache kupokea kweli. Akiendelea kupokea mpaka Jumapili huku kasema Jumatano, mwakani tarehe yake itasomwa kama "wahi sasa!" ya kila mtu. Baada ya ukumbusho huo asiandike tena habari ya kanzu. Meseji itakayofuata kwenda kwa mama Salma iwe ya kumwambia kuwa dera lake liko tayari.